Filamu ya Vita kwa Watu Waliokimbia Vita

Kamati ya sinema ya parokia yetu ya Bwera, mwishoni mwa miaka ya sitini, ilikuwa na wanaume watano na mimi. Niliingizwa humo kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti, ilifaa awepo mtu wa kumimina chai. Yeye alikuwa mnunuzi wa kahawa kutoka Karambi. Alikuwa ameingia jumba la sinema Kampala mara mbili, na tangu hapo alijihesabu bingwa.

Mashine ya sinema na jenereta yake vilikuja kutoka misheni ya Kasese, ndani ya gari la padri, mara mbili kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuja karatasi iliyopigwa taipu: jina la filamu, lugha, idadi ya mikanda, dakika. Basi.

"Hii hapa," mwenyekiti alisema, akigonga mstari kwa kidole. "Vita. Mikanda minne. Watu wanapenda vita."

Nikauliza tungeitazama lini kwanza.

"Mwalimu, sinema si mchuzi. Haionjwi."

Wanne wengine wakacheka, maana kucheka alipochekesha mwenyekiti ndiyo kazi pekee niliyowaona wakiifanya. Nilijua kwamba nusu ya waumini wetu walivuka mpaka kutoka Beni na Butembo, upande wa Kongo, wakikimbia bunduki. Nilijua, nikanyamaza. Kwa hiyo ninapowadharau wale wanaume, sehemu ya lawama ni yangu pia.

Tulionyesha Jumapili mchana, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa mablanketi, ili wa Karambi wafike kwao kabla ya giza. Watoto walikaa mbele mikekani, wazee kwenye mabenchi, akina mama nyuma. Filamu ilikuwa ya Kiingereza cha haraka. Katekista wetu mzee, aliyepewa kazi ya kutafsiri, alisimama kando ya shuka jeupe na kwa mkanda mzima alisema, "Wanazungumza." Kisha, "Bado wanazungumza." Watoto wakaanza kufinyana.

Ndipo mizinga ikaanza kulia. Mama mmoja Mkongomani, muuza samaki wakavu sokoni, aliruka juu akilia kwamba wanakuja.

"Banakuya! Mutoto yangu iko wapi?"

Ukumbi mzima uliinuka naye. Blanketi likang'olewa, mwanga ukaifuta picha, benchi likamwangukia mzee mmoja mguuni. Mwenyekiti alipiga kelele, "Kaeni chini! Ni picha tu!" Baadaye alimweleza padri kwamba watu wetu hawajastaarabika.

Jumatatu nilikwenda sokoni kumwomba yule mama radhi. Aliendelea kupanga samaki wake.

"Mimi napenda sinema, Mwalimu," alisema. "Lakini mbele ya kuonyesha batu, angalia kwanza na macho yako."

Safari iliyofuata nilimwomba padri alete filamu tatu, na azilete Ijumaa. Tulikaa kuzitazama mimi, muuza samaki, katekista, na watoto watatu wa darasa langu la pili. Ya kwanza ilikuwa maisha ya mtakatifu, Kifaransa kitupu. Watoto walilala kabla ya mkanda kwisha. Ya pili ilikuwa na busu. Katekista alisema tungeweza kuziba lenzi kwa mkono, mpaka tulipoona kwamba mkono ungelazimika kukaa pale mkanda mzima wa tatu. Ya tatu ilikuwa ya mtu anayesafirisha kabati kwa baiskeli. Mikanda miwili, bila neno hata moja. Watoto walijikunja kwa kicheko, na katekista alivua miwani akafuta macho.

Muuza samaki alicheka pia, ila mahali pamoja alishtuka: tairi lilipasuka.

"Ile inalia sawa bunduki," alisema.

Tukamwomba fundi wa mashine, aliyekuja nayo kutoka misheni, achomeke kipande cha karatasi kwenye mkanda, kabla kidogo ya tairi, ili akikiona apunguze sauti. Tukapanga pia kwamba wakati wa kubadilisha mkanda watoto watoke wakojoe.

"Kabati?" mwenyekiti aliuliza kikaoni. "Mnataka kuwaonyesha Wakristo kabati?"

Padri alisema ndiyo, nasi tukaonyesha kabati. Mkongomani, Mkonzo wa hapa kwetu, bibi asiye na meno na mtoto wa mgongoni walicheka mahali pale pale, bila mkalimani. Tairi lilipasuka kwa sauti ndogo kama ya karanga. Watu waliomba filamu irudiwe, ikarudiwa.

Mwenyekiti alisimama mbele ya wote, mkono juu ya mashine kana kwamba ameizaa. "Nilijua tu kwamba kabati litawafaa," alitangaza.

Nilichemka. Muuza samaki alinivuta kanga.

"Acha aseme, Mwalimu. Hana kingine."

Aliendelea kuwa mwenyekiti hadi mashine ilipoacha kuja. Filamu tulizichagua sisi, Ijumaa, na yeye hakuwahi kukanyaga huko.