Kidole Kinywani mwa Mwanambuzi

Sikusema uongo, nataka hilo lieleweke mapema. Yule mama mwenye shamba aliniuliza kama kwetu kuna mbuzi, nami nikamjibu wapo tele. Na kweli walikuwepo. Mtaani kwetu Mombasa mbuzi walilala barazani kwa watu, wakala magazeti na maganda ya ndizi, na mmoja aliwahi kula pindo la kanzu ya baba yangu, fundi cherehani, akiwa ameianika dirishani. Lakini wa kwetu hatukuwa naye hata mmoja. Nilichojua kuhusu mbuzi ni kumfukuza, na kumla siku ya Idi.

Yeye akasikia alichotaka kusikia. Nami nilitaka kazi. Siku za wiki nilikuwa nikisafisha ofisi mjini, na mke wangu alikuwa mjamzito. Basi kila Jumamosi nikawa natoka nyumbani Skärholmen, huku kwa Waswidi, alfajiri, treni juu ya treni mpaka Upplands Väsby, kisha basi, kisha miguu. Mke wangu akinifungia mkate ananicheka, "Haya mchungaji, wasalimie jamaa zako." Nikajitia hamnazo.

Mama yule alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mfupi, mkavu, mikono kama ya mwanamume. Wenzake Waswidi walimwita kwa jina lake tu, lakini mimi ulimi ulikataa kabisa kumwita mtu wa umri ule jina kavu, nikamwita Mama. Mwanzo alishangaa, baadaye akawa anaitika. Alikuwa na kondoo ishirini na kitu na mbuzi watano wa maziwa, na aliwapenda kwa namna ya kuwagombeza. Nami nilimpenda yeye, nikimwiga kila anachofanya kwa macho: akishika ndoo nashika ndoo, akisukuma kondoo kwa goti nasukuma kwa goti. Miezi mitatu mambo yakaenda.

Jumamosi moja ya Machi, theluji bado imelala, aliniachia shamba. Dada yake mjini alikuwa na sherehe ya kuzaliwa. Alitoka na basi la asubuhi, ameniandikia namba ya simu ya huko ukutani. Akasema kondoo waliobaki bado hawajafikia kuzaa, na yule mbuzi mweusi kwenye kibanda cha nyuma amebakiza wiki mbili, nimpelekee maji tu.

Nilianza na kondoo, nikateka maji, nikapasua kuni, nikanywa kahawa yake nzuri. Nilipofika kibanda cha nyuma ilikaribia saa sita mchana. Mbuzi mweusi alikuwa amezaa. Wanambuzi wawili, wamelambwa wakakauka, vitovu vimeanza kunyauka, maana yake walizaliwa usiku, na baridi ile imewafanyia kazi yake muda wote huo. Mmoja amekunjamana pembeni anatetemeka. Mwingine amelala ubavu, shingo imelegea, nikadhani amekufa mpaka nilipomwona mbavu zinapanda.

Niliwabeba ndani ya koti mpaka jikoni. Nilikwisha kumwona Mama akiwatia wanakondoo wenye baridi kwenye sanduku mbele ya jiko la kuni, basi nikafanya vivyo hivyo. Yule aliyelegea nilimweka karibu zaidi na moto, nikamsugua kwa taulo, nikamsemesha Kiswahili, nikamwita baba, nikamwita bwana mkubwa. Baada ya nusu saa alianza kupata joto. Akainua kichwa. Wallahi nilivimba kichwa pale jikoni, nikamwambia moyoni mke wangu aliye mbali kwamba mchungaji ndiye huyu.

Kisha kichwa kikapinda nyuma, miguu ikapiga kasia hewani, na akafa mikononi mwangu akiwa na joto.

Nilikaa sakafuni. Sikujua hili wala lile. Yule wa pili alikuwa akinitazama kutoka kwenye taulo, anatetemeka. Nilijaribu kumpa chuchu ya chupa, hana nguvu ya kunyonya. Nikachukua maziwa ya dukani na kijiko, nikamshika taya, halafu mkono ukakataa. Mmoja nilikwisha kumuua kwa kutojua. Nikimmiminia huyu kwa kutojua nitakuwa nimewamaliza wote.

Namba ilikuwa ukutani. Nilijua nikipiga, kazi imekwisha, na heshima nayo, na sijui ipi iliniuma zaidi. Nilipiga. Nyuma yake nilisikia vikombe na watu wakicheka. 

"Mama, mimi mbuzi siwajui. Sijawahi kuwajua. Mmoja amekufa."

 Akauliza tu:

"Wa pili anainua kichwa?"

"Anainua."

"Mtie kidole kinywani."

Kuanzia hapo ikawa mbio. Simu ilikuwa ukutani ukumbini, na uzi wake haukufika jikoni, basi nikawa naning'iniza mkono wa simu, nakimbia, natazama, narudi kusema. Kinywa kilikuwa na ubaridi kidogo, na kidole alikitafuna. Kipimajoto nilichomtia nyuma kikasema thelathini na saba na nusu. Pungufu, akasema Mama, lakini anajua kumeza, kwa hiyo alishwe sasa hivi kwa mpira wa kupitisha maziwa mpaka tumboni. Kama angekuwa amelegea, Mama asingekubali apewe hata tone, maana lingeingia mapafuni.

Kwenye friza kulikuwa na dang'a ya mbuzi, yale maziwa mazito ya kwanza, ameyagandisha kwenye kopo. Niliyayeyusha kwenye beseni la maji ya moto kiasi, si juu ya jiko, kwani moto mkali huyaharibu. Mpira mwembamba ulining'inia nyuma ya mlango wa stoo. Akaniagiza niupime kutoka puani mpaka ubavu wa mwisho, nitie alama, niuloweshe, niupitishe pembeni mwa ulimi polepole, na yeye aumeze mwenyewe. Akikohoa, nitoe. Nipapase shingo, niusikie mpira kando ya koromeo.  Mwanambuzi aliumeza. Nikamimina dang'a kiasi cha kikombe kidogo cha kahawa, bila kusukuma, yakashuka kwa uzito wake, kisha nikaubana mpira na kuuvuta.

Nilirudi ukumbini nikamwambia amekula. Akauliza kuhusu yule wa kwanza, nikamweleza yote. Akaniambia amekufa kwa sababu alikaa tangu usiku tumbo tupu, akiba yote ya mwilini imekwisha, na nilipompasha joto mwili uliomba chakula kisichokuwepo. Mtoto kama huyo hudungwa kwanza maji ya sukari tumboni, ndipo apashwe joto.

"Ni kosa langu, Mama?"

"Ndiyo," alisema. "Na langu. Sikupita kibandani kabla ya kutoka."

Alirudi kabla ya jioni, na nguo zake za sherehe. Nilikuwa nimekwisha kuvaa koti langu, namngoja anifukuze. Mwanambuzi alikuwa amesimama ndani ya sanduku, tumbo limejaa, anasukuma kila kitu kwa pua akitafuta maziwa. Mama hakumwangalia. Aliomba kwanza kumwona aliyekufa, nikamfunulia gunia nililomfunikia. Akamtia kidole kinywani, kisha akaushika mkono wangu na kukitia kidole changu pale pale. Baridi ile ilipanda mpaka kiwikoni. Halafu akanipeleka sandukuni, akakitia kinywani mwa yule mzima, nacho kikanyonywa kwa nguvu, ulimi wa moto. Hapo nikalia, sioni haya kusema. Alikishikilia kidole changu hapo mpaka nilipotulia.

Kisha akanivua koti mwenyewe, akanipa mwanambuzi nimbebe. Tukampeleka kwa mama yake, akamnusa, akamkubali.

"Jumamosi uje mapema," akasema. "Tuanze upya."