Mvuke Juu ya Chai Iliyopoa

Picha ya chai ikiletwa mbele yangu, kitu cha kwanza ninachokikagua ni mvuke. Siuamini hata kidogo. Nimeutengeneza mara nyingi mno.

Mama mmoja mwenye mgahawa Kunduchi aliniagiza picha ya bango jipya. Sifa yake yote ilikuwa chai ya maziwa ya moto, na mshindani wake alikuwa amefungua mgahawa ng'ambo ya barabara. "Watu wa hapa wana macho, mwanangu," aliniambia. "Wakiona uongo kwenye bango, na chai wataiona ya uongo."

Siku ya kupiga picha nilihangaika kupanga vitumbua mpaka chai ikapoa. Nilijua imepoa, nikaipiga picha hivyo hivyo.

Nyumbani Mikocheni nilichemsha sufuria ya maji, nikatundika kitambaa cheusi nyuma yake, taa nikaiweka kwa nyuma, pembeni kidogo, nikapiga picha mvuke. Kwenye kompyuta nikaulaza juu ya kikombe kwa namna inayopoteza weusi wote na kubakiza mwanga tu. Nikaugeuza ili uangaziwe kutoka kushoto, lilipokuwa dirisha la mgahawa. Nikafuta uliopita nje ya ukingo wa kikombe, nikaulainisha, nikaufifisha kadiri unavyopanda. Mvuke ukizidi unakuwa moshi wa takataka.

Nikampelekea. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku ameshaichukua simu yangu. Akaivuta picha kwa vidole. Nilikifuata kidole chake kwa wasiwasi. Kiliupita mvuke, kikatua kwenye chai.

"Hii ilikuwa imepoa."

"Mama, mvuke huo mie..."

"Mvuke sina neno nao. Tazama huu utando."

Kweli, maziwa yalikuwa yameshika utando, umejikunja ukingoni. Siku tatu nilikuwa naushuku mvuke, kumbe mchawi yuko chini yake.

"Chai yangu haikai mpaka ikashika utando," alisema. "Umenipigia picha ya chai iliyosusiwa."

Niliona aibu. Nikakiri kwamba mimi ndiye niliyeichelewesha. Akamimina nyingine kutoka jikoni, inafuka, nami nikaipiga picha pale pale kwa simu.

Kwenye picha hakukuwa na mvuke. Ukuta mweupe wa nyuma ulikuwa umeumeza wote. Mama akatazama kikombe, akatazama simu, kisha akanitazama mimi.

"Umeufuta?"

"Sijagusa kitu, mama. Mvuke hauonekani mbele ya cheupe."

Hakuniamini, na sikumlaumu. Nikafungua kompyuta mezani kwake, nikautia ukuta giza kidogo, nikauchukua ule ule mvuke wa sufuria yangu, nikauweka juu ya chai mpya yenye uso laini. Aliukagua muda mrefu.

"Hii ndiyo yangu," alisema. Kisha akakisogeza kikombe mbele yangu. "Sasa kinywe nikikuona."

Nikanywa. Iliniunguza ulimi mpaka machozi yakanilenga. Aliyatazama hayo machozi kwanza, ndipo akasema bango lichapwe.