Umeme wa Saa Mbili Songo Mnara

Adija ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona mchoro wa matumizi ya umeme umepinda akalala. Kazi yake ni kutunza umeme wa jua kwenye zahanati za visiwani, naye anaifanyia Kilwa Masoko, chumba cha uani, kompyuta juu ya cherehani ya marehemu mama yake. Asubuhi hiyo ya Ramadhani, akiwa amefunga, aliuona mstari wa Songo Mnara umeporomoka vibaya. Hadi alfajiri betri za zahanati zilikuwa hoi, na kwenye betri hizo ndiko friji ya chanjo inakokula. Zikizimika, chanjo za watoto wa kisiwa kizima zimekwenda.

Mzigo wenyewe, yaani umeme unaovutwa, ulimshangaza. Kila siku saa mbili usiku matumizi yalipanda ghafla, yakakaa juu, kisha baada ya saa moja na nusu yakashuka. Friji haina tabia hiyo. Friji huwaka na kuzima usiku kucha, haijui saa.

Akampigia Leonard, bosi wake wa Dar, mtu mwema ila ana haraka ya kuchemsha maji kabla hajawasha jiko.

"Fungua mlango kwenye ruta ya zahanati," Leonard akasema. "Tununue laini yenye anwani ya wazi ya intaneti, niingie moja kwa moja kwenye kinasa nizime huo mzigo kutoka huku."

"Ukiingia wewe, bosi, na mwingine anaingia."

Hapo ndipo Adija huwa mkali. Kinasa ni kile kiboksi kilichounganishwa kwa waya na inveta, mashine inayogeuza umeme wa betri uwashe friji, kinaandika kila kinachopita. Kila baada ya dakika kumi chenyewe hutuma taarifa nje, zikiwa zimefungwa kwa siri, mpaka kwenye seva ya kampuni, naye Adija huzisoma huko. Ni kama mtu anayepiga simu lakini hapokei: ukimpigia wewe, haiiti. Ukimfungulia mlango, yeyote duniani anayepapasa mitandao atauona ukurasa wake wa kuingilia, na nywila yenyewe ni ile ya kiwandani ambayo fundi wa kwanza hakuibadilisha. Halafu ule waya haubebi taarifa tu, hubeba na amri. Mhuni mmoja akipita hapo anaizima friji yuko zake kitandani, nchi ambayo Adija haijui hata jina.

"Haya," Leonard akasema. "Lakini chanjo zikiharibika, Adija, utaeleza wewe."

Akakata. Adija aliogopa, tusidanganyane. Lakini udadisi ulimzidi woga. Akarudisha mchoro nyuma, siku baada ya siku, akitafuta mzigo ule ulianza lini. Akaupata: ulianza usiku ule mwezi ulipoandama. Akacheka peke yake. Saa mbili usiku! Si ndiyo saa anayokuwa msikitini mwenyewe, kwenye tarawehe?

Akampigia muuguzi wa zahanati, Consolata, Mmakonde wa Newala aliyehamia kisiwani.

"Dada Consolata, za huko? Kuna waya umetoka kwako kwenda msikitini?"

"Walikuwa wanasali gizani, Adija. Mimi Mkristo, ningewanyima taa mwezi huu ningeishi nao vipi? Nikawapa na feni na spika."

Adija akaomba azungumze na imamu, Shehe Nurdin, ambaye kwa bahati alikuwa barazani hapo hapo akisubiri dawa ya presha.

"Shikamoo, shehe."

"Marahaba, mwanangu. Tumeharibu?"

Adija akamweleza alivyoona. Betri zimezeeka: mchana hujaa upesi, usiku huisha upesi. Adhuhuri zikishajaa, jua linabaki linapotea bure hadi alasiri. Basi wangetafuta taa na spika za kuchaji, wazichomeke zahanati jua likiwa kali, waya wa usiku uondoke.

"Na feni?" Shehe akauliza.

"Feni hapana, shehe."

"Tutatoka jasho basi. Leo tutasali na koroboi. Hao watoto wa chanjo ndio wajukuu zetu."

Kesho yake Adija alifungua kompyuta kabla hajanawa uso. Usiku mstari ulikuwa umelala, friji inawaka na kuzima kwa raha zake. Siku iliyofuata kukatokea kilima kidogo kwenye mchoro, mchana, jua la utosi: taa za msikiti zikichajiwa. Adija akakitazama kilima hicho mpaka macho yakamjaa machozi.

Simu ikaita. Leonard.

"Naona mzigo umezimwa. Umefungua mlango bila kuniambia?"

"Sijafungua kitu, bosi."

"Sasa kazima nani?"

"Imamu," Adija akasema.