Barua ya Mpishi wa Kajiado

Mwaka ule wa kwanza Kitengela sikuweza kutulia. Nilikuwa nimetoka magharibi kumfuata dada yangu, nikapanga chumba mtaa wa Noonkopir, nikapata kazi ya kuchapa barua katika kiduka kimoja kilichokuwa na kompyuta moja na printa yenye kelele. Kila gari la kwenda Nairobi likipita barabarani, niliinua macho.

Mwenye duka alikuwa karani mstaafu. Alikaa nyuma yangu na gazeti, lakini masikio yalikuwa kwenye kazi yangu.

Asubuhi moja aliingia mama wa makamo, Mkamba kwa lafudhi, amekunja karatasi ya daftari ndani ya leso. Shule moja ya bweni huko Kajiado ilitaka mpishi, na barua zilikuwa zinapokelewa mpaka jioni ile. Alikuwa ameandika yake kwa mkono, kwa Kiswahili, bila aya wala nukta nyingi.

"Nipangie kama za ofisi," aliniambia. "Lakini maneno ni hayo."

Nikaanza. Anwani yake juu upande wa kulia, tarehe chini yake, kisha anwani ya mwalimu mkuu upande wa kushoto. Salamu: Kwa Bwana. Kichwa cha barua kwa herufi kubwa, nikakipigia mstari. Kompyuta haikujua Kiswahili, kwa hiyo kila neno lilitokea na kimstari chekundu chini yake, ukurasa mzima ukawa kama umekwaruzwa. Nilimuuliza kama naweza kurekebisha "sukuli" iwe "skuli". Akasema herufi nirekebishe. Nikagawa aya, nikaweka nukta pale alipovuta pumzi aliponisomea.

Katikati aliandika hivi: "Niliacha kupika kwa miaka mitatu kwa sababu mume wangu alikuwa anaumwa, nikamtunza mwenyewe mpaka akapumzika. Uji wake nilikuwa naupika mwepesi na hakuna siku aliurudisha."

Mwenye duka aliinuka, akasoma juu ya bega langu.

"Hiyo toa," akasema. "Hii ni barua ya kazi, si matanga. Andika: Ninao uzoefu wa kutosha katika upishi."

Mama alikuwa ametoka nje kuulizia gari. Nilisita, lakini mwenye duka ndiye aliyekuwa akinilipa. Nikatoa, nikaweka sentensi yake, nikachapisha. Stima ilikuwa inayumba tangu alfajiri na sikutaka ituzimikie.

Aliporudi nilimpa ile karatasi. Aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kidole kikafika katikati, kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Mume wangu yuko wapi hapa?"

Akaigonga karatasi kwa kidole.

"Nilimwandika katikati. Yuko wapi?"

"Mama," mwenye duka akaanza, "wakubwa hawapendi mambo ya nyumbani."

"Wakiniuliza miaka hiyo nilikuwa wapi, nitasema nini? Hii 'uzoefu wa kutosha' ni ya nani? Wakinishika nayo hapo mbele yao, nitaielezaje na si yangu?" Kisha akanigeukia, sauti ikashuka. "Msichana wangu, mimi niliomba unipangie tu."

Nikashika kipanya. Bila kumtazama mwenye duka nilifuta ile sentensi na kuandika upya ya mama, nikiangalia karatasi ya daftari neno kwa neno, pamoja na uji. Sasa barua ikarefuka. "Wako mwaminifu", nafasi ya sahihi na jina lake vikarukia ukurasa wa pili peke yavyo. Nikapunguza ukingo wa juu na wa chini, nikabana mistari kidogo, vikarudi. Taa ikafifia. Nikabonyeza kuchapisha, na printa ikaanza kupiga kelele huku sote watatu tumesimama juu yake kama tunaisukuma.

Ilitoka nzima. Mama aliisoma tena, akatia sahihi kwenye kaunta, akakimbilia stendi.

Saa zilizobaki siku ile, nikichapa nilikosea hata majina ya watu.

Shule ile haikumchukua mama. Walipata mtu mwenye cheti. Alirudi kuniambia, akaketi kidogo, akasema kuna shule nyingine, ndogo, upande ule ule. Barua ilikuwa bado kwenye disketi. Nikabadilisha tarehe na anwani ya kushoto, mengine nikayaacha. Safari hii mwenye duka alinyanyua gazeti lake likamfunika uso.

Huko walimwita. Mwalimu mkuu, mwanamke, alimuuliza swali moja tu la maana: huo uji aliupikaje. Wakazungumza mpaka chai ikaletwa, na wiki iliyofuata alianza kazi.

Mimi nilikaa pale miezi michache tu, kisha nikaandika barua yangu mwenyewe, ya kuomba kazi Nairobi, na nikaichana mara nyingi kabla ya kuipeleka.