Mlingoti wa Karibu

Kwa nini kipa alaumiwe kwa mpira uliopita upande usiokuwa wake? Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, kichwa kimejaa vitabu, lakini swali hilo nililikuta uwanjani.

Kaka yangu alikuwa kipa wa timu yetu ya Arua. Nyumbani, mtaa wa Mvara, alinifundisha kazi yake ya mpira wa adhabu kwa vigunzi vinne vya mahindi vilivyopangwa kama ukuta wa wachezaji. "Ukuta unaziba mlingoti wa karibu wa goli," alisema. "Mimi nalinda wa mbali, mahali ninapouona mpira. Kila mtu na shamba lake."

Siku moja tulicheza ugenini Koboko. Mechi ikiisha, mwalimu wetu wa timu angechagua kipa wa kwenda kujaribiwa timu ya mkoa, na kaka hakuwa na ndoto nyingine. Dakika za mwisho, sare, wenyeji wakapata mpira wa adhabu karibu na boksi, upande wa kulia wa kaka. Nilisimama nyuma ya goli. Kaka alishika mlingoti wa karibu, akamsogeza mchezaji mrefu wa ukuta wetu, seremala, mpaka akawa kati ya mpira na mlingoti, kisha akamwongeza mmoja nje yake, mpira usije ukapinda. Ndipo kapteni wetu wa timu, sajini wa jeshi, akamsukuma seremala.

"Toka. Hapa mimi iko."

"Afande, wewe baki katikati," kaka alisema.

"Kipa, wewe nani kupanga mimi?"

Nani angebishana naye, miaka ile ya utawala wa jeshi? Kaka akaenda upande wake.

Mpigaji akapiga kwa nguvu, usawa wa kichwa. Sajini alifumba macho, akainama, akajifunika uso kwa mikono. Mpira ulipita palepale alipokuwa amesimama, ukaingia kando ya mlingoti wa karibu. Kaka aliruka kutoka mbali, akaambulia vumbi.

"Kipa nalala!" sajini alipiga kelele, akijipangusa kana kwamba ndiye aliyeanguka. Watu wakacheka. Wa kwetu pia.

Nilimfuata mwalimu. "Mwalimu, hukuona nani aliinama?"

"Binti yangu, macho ninayo. Na watoto ninao."

Jioni ile ile alimchagua kipa wa akiba. Kaka alivitupa vigunzi jikoni, na hakusimama golini tena. Nilimkasirikia sajini, nikamkasirikia mwalimu zaidi, kwa sababu yeye alijua.

Baada ya vita vilivyouangusha utawala ule, tulikimbilia Kongo. Miaka mingi baadaye, sokoni Ariwara, nilimkuta yule mpigaji wa Koboko akiuza sabuni. Nikamuuliza kwa nini alichagua upande wenye ukuta.

"Sajini alicheza kwetu kabla ya kuhamishiwa Arua," alisema. "Hatukumweka ukutani hata siku moja. Mpira ukija, anafumba macho. Nilipomwona amesimama pale, dada, nilimlenga yeye."