Shakwe juu ya visima vya Tseikuru

Dada yangu huuza pampu za sola. Duka lake la Kitui ni la kupanga, ukuta mmoja umepasuka, na kwa miaka mitatu alikuwa akiweka akiba ya kununua godauni yake mwenyewe, nyuma ya soko, yenye mlango mpana wa kuingiza lori. Mwenye godauni alikubali kumngojea hadi mwisho wa msimu wa kiangazi. Mimi, niliyekuwa nimerudi nyumbani kumalizia riwaya isiyotaka kumalizika, nilimwandikia barua zake kwa Kiingereza, nikaketi kwenye kona yenye feni.

Msimu ule ushirika wa wafugaji wa Tseikuru uliagiza pampu nane, kwa ajili ya visima vinane ambavyo kampuni nyingine ilikuwa ikivichimba. Bei waliyokubaliana ilikuwa ya shilingi. Dada naye angewalipa watengenezaji kwa dola, dola elfu kumi kwa kila pampu, baada ya miezi mitatu. Dola ilikuwa shilingi mia na ishirini na tisa. Ikipanda sana, faida yote ingeyeyuka, na godauni pamoja nayo.

Afisa wa benki anayeshughulika na fedha za kigeni alikuja mwenyewe kutoka Nairobi. Alikuwa mwanamume mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni, na alikunywa chai yetu kama mtu aliyeikosa siku nyingi.

"Madam, kuna njia mbili," alisema. "Ya kwanza, ununue haki ya kupata dola kwa mia na thelathini. Ikipanda hadi mia na hamsini, wewe unapata kwa mia na thelathini. Ikishuka, unaiacha haki yako, unanunua sokoni. Lakini haki hiyo ina ada."

Alitaja ada. Dada alicheka. "Hiyo ni bei ya milango ya godauni."

"Ndiyo maana kuna ya pili. Wenzangu huiita shakwe." Akachora kwenye bahasha mstari ulioinuka kidogo upande wa kulia kisha ukalala, na upande wa kushoto ukainama kwenda chini. "Unanunua haki ile ile ya mia na thelathini. Halafu unatuuzia sisi vitu viwili. Kimoja, ulinzi wako unaishia mia na thelathini na nane. Dola ikipita hapo, tunakufidia shilingi nane kwa kila dola, zaidi ya hapo ni juu yako. Cha pili, unatupa haki ya kukuuzia dola kwa mia na ishirini na tano. Tunachokulipa kwa hivyo viwili kinafuta ada yote."

"Yaani bure?"

"Hulipi ada. Bure ni neno lingine."

Sijui kwa nini mchoro ule ulinishika hivyo. Sisi watu wa Kitui shakwe tumemwona kwenye vitabu tu, lakini pale kwenye bahasha aliruka, mabawa yake yakiwa juu ya nchi isiyo na bahari, na mimi nikaanza kumwona akipita juu ya vilima vyetu vyekundu, juu ya migunga, akitafuta maji. Nilimpenda kabla sijamwelewa.

"Na ikishuka chini ya mia na ishirini na tano?" dada aliuliza.

"Lazima uchukue zetu kwa mia na ishirini na tano. Bado ni nafuu kuliko bei uliyopigia hesabu, na pampu zako zinalipika. Shida iko kwa mtu asiyezihitaji hizo dola." Akainua macho. "Oda hii ni ya uhakika? Zote nane?"

Dada ana desturi moja. Haagizi pampu kabla hajaonja maji ya kisima kwa ulimi wake. Alikuwa amefungua mdomo ajibu, nami nikamtangulia.

"Mkataba umetiwa sahihi," nilisema. "Zote nane."

Dada alinitazama, akatazama bahasha, akatazama ule ukuta uliopasuka. Kisha akasema, "Haya. Kama hakuna ada, tufunike zote." Akatia sahihi ya dola elfu themanini.

Shilingi ikaanza kupata nguvu. Kila asubuhi redio ilisoma namba ndogo kidogo kuliko ya jana, na majirani wakafurahi kwamba mafuta yatashuka. Siku tuliyopanda pikapu kwenda Tseikuru, dola ilikuwa mia na kumi na tisa. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufikia siku ya kutimiza mkataba wa benki.

Visima vyote vilikuwa na maji mengi. Yalitoka kwenye bomba yakimeta, yakapoa, yakachora vijito juu ya mchanga wa moto, na mbuzi wakaja kutoka pande zote kana kwamba wameitwa kwa majina. Wanawake wa ushirika hupima kisima kwa chai. Waliteka maji ya kila kimoja, wakapika, wakamimina maziwa. Sufuria tatu zilitulia, zikawa chai. Tano maziwa yalikatika, yakaelea vipande vipande.

Dada alionja zile tano mojamoja. Alichukua muda mrefu mno kwenye ya mwisho.

"Chumvi," alisema.

Nilimvuta pembeni, nikafungua mkataba kwenye boneti ya gari. "Hapa wameandika watachukua pampu kisima kikitoa maji ya kutosha. Chumvi haikutajwa. Wakizichukua zote, hatuna hasara hata moja."

"Nimesoma."

"Na godauni?"

"Chumvi kama hii inakula pampu. Kabla mwaka haujaisha wataniita nije nizike tano."

Alimwendea mwenyekiti, mzee mwenye kofia ya kanisani. "Mzee, chukueni tatu. Hizi nyingine acheni."

"Lakini karatasi inasema nane, mwaitu," mzee alisema, akimwita mama kwa heshima ingawa angeweza kumzaa. "Au unatuonea huruma? Sisi tumezoea shida."

"Najionea huruma mimi. Nitachoka kuja huku kutengeneza."

Wanawake walicheka. Mzee hakucheka. Alitoa nakala yake ya mkataba, akafuta nane, akaandika tatu, naye dada akafanya vivyo hivyo kwenye yetu.

Tulipopata mtandao, dada alimpigia afisa wa benki, simu ikiwa wazi ili nisikie. Alimweleza.

"Dola elfu thelathini utazitumia, hizo hazina neno," afisa alisema. "Elfu hamsini lazima uzichukue kwa mia na ishirini na tano, kisha uziuze sokoni kwa bei ya siku hiyo."

"Ningenunua ile haki peke yake, ya ada?"

"Ungeiacha, madam. Ungepoteza ada basi."

"Ni mimi niliyejibu siku ile," nilisema alipokata simu.

"Sahihi ni yangu," alisema, akawasha gari.

Siku yenyewe ilipofika bei ilikuwa ile ile, mia na kumi na tisa. Dada alikuwa ameshampigia mwenye godauni kumwambia ampe mwingine. Tuliketi mbele ya kompyuta, mlango ukiwa wazi, upepo ukiingiza vumbi jekundu. Dola elfu themanini ziliingia kwenye akaunti yake. Elfu hamsini zikatoka karibu papo hapo, zikiacha pengo la shilingi laki tatu. Nikamkumbuka shakwe wa kwenye bahasha; sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo kikipita bila kugusa chochote. Dada alizitazama namba mpaka zikatulia, kisha akaniambia niandike barua ya kuagiza pampu tatu.