Anwani Aliyonichagulia Baba

Baba alikuwa askari polisi kutoka kaskazini. Baada ya vita vya mwaka 1986, vilivyoiangusha serikali ya watu wa kwetu, alizoea kulimeza jina letu la ukoo mbele ya watu wasiomjua, na kompyuta zilipofika Kampala alikuwa bado analimeza.

Nilipomaliza sekondari nilihitaji barua pepe ya kuombea chuo na kazi. Alinisindikiza Ntinda, akiwa ndani ya sare, hadi kwenye kijiduka cha intaneti cha mama mmoja Mkenya.

"Anwani ya kazi haitaki mapambo," mama yule aliniambia. "Majina yako mawili ya kwenye cheti, nukta katikati, basi. Utani wa shule uache, na mwaka wa kuzaliwa pia."

Nikaandika jina la dini, nukta, jina la ukoo. Hakuna aliyekuwa amelichukua. Nilijisikia mtu mzima. Baba akanishika mkono kabla sijabonyeza.

"Futa hiyo. Hapa Kampala jina yetu inafunga mlango. Weka ile ya jirani."

Jirani yetu Muganda aliniita kwa jina la kwao tangu utotoni, kwa mapenzi tu. Halikuwa kwenye karatasi yangu yoyote.

"Afande, cheti kitasema vingine," mama yule alisema.

"Cheti wataona baadaye. Kwanza waite mtoto."

Nani angebishana na sare? Nilifuta, nikaandika alivyotaka, na moyoni nilimchukia.

Zahanati moja ya binafsi ilitafuta mtu wa mapokezi. Walitaka barua fupi tu kwa barua pepe, vyeti vije siku ya usaili. Barua niliitia sahihi kwa jina lile lile la anwani. Waliniita upesi. Nikaketi mbele yao, nikatoa vyeti, na nyuso zikabadilika. Waliuliza hizi ni karatasi za nani. Nilieleza habari ya jirani, wakatazamana. Mmoja alinirudishia vyeti kwa ncha za vidole, akasema hawaajiri watu wa majina ya kuazima.

Nilirudi Ntinda peke yangu, nikafungua anwani nyingine, ile niliyoitaka mwanzo. Nikaomba kazi huku na kule. Kimya. Mwishowe, kwa hasira, niliituma barua moja, neno kwa neno, kwa duka moja la dawa: mara ya kwanza kutoka anwani yangu, mara ya pili kutoka ile ya baba. Majina tu ndiyo yalitofautiana.

Walimjibu yule asiyekuwepo. Walimkaribisha kwa usaili, wakamshukuru kwa barua nzuri.

Nilimwambia baba jioni ile. Nilitaka abishe, aseme nimekosea mahali. Hakubisha. Aliendelea kupiga kiwi buti zake, kisha akaniuliza taratibu, "Na wewe, hawakukujibu hata kidogo?"